Darasa la jioni: kisa cha Rehema na mashirika matatu aliyotaka kuyafikia

Rehema si jina lake. Nimebadili pia sehemu ya umri wake, mtaa anaoishi na baadhi ya maelezo ya mashirika yanayotajwa, ila mpangilio wa matukio na maneno ya ujumbe alioandika ni kama yalivyokuwa. Amelisoma andiko hili na kuridhia litumike kufundishia. Mimi nilifanya kazi ofisi za rasilimali watu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwashauri watu wanaohama kazi, na nilikuwa naye tangu mwezi wa pili wa safari hii.

Mhusika na alichokitaka

Rehema alikuwa na miaka 31. Kwa miaka mitano alikuwa afisa nyaraka katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, Kurasini. Kazi yake ilikuwa kuandaa nyaraka za mizigo inayoingia, kuziwasilisha kwenye mfumo wa forodha, kufuatilia malipo ya ushuru na kuhakikisha kontena linatoka bandarini kabla tozo za ucheleweshaji hazijaanza kuhesabiwa. Aliijua kazi hiyo vizuri na alikuwa ameichoka. Alitaka kuhamia upande wa pili wa meza, kwa wanaoagiza mizigo: kitengo cha ununuzi na ugavi.

Alichagua mashirika matatu ya Dar es Salaam: kiwanda, benki, na shirika lisilo la kiserikali linalosambaza vifaa vya afya. Kwa miezi minane alikuwa ametuma maombi kupitia matangazo ya kawaida bila kuitwa hata mara moja. Ndipo akaamua kuwatumia watu aliosoma nao.

Grupu la sekondari

Alianza pale ambapo wengi wetu tungeanza. Grupu la WhatsApp la waliomaliza kidato cha sita pamoja lilikuwa na watu 140 na zaidi. Usiku mmoja aliandika hivi:

"Habari za siku wapendwa, natumaini wote wazima. Natafuta kazi ya ununuzi au ugavi, mwenye koneksheni popote pale naomba anishike mkono. CV yangu hiyo hapo. Mungu awabariki."

Watu wanne waliweka alama ya mikono iliyokunjwa kwa dua. Mmoja akaandika "Mungu atafungua mlango, dada." Asubuhi yake ikaja taarifa ya msiba wa baba wa mwenzao, na ujumbe wa Rehema ukazama chini ya orodha ya michango.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuniambia mpaka tulipokutana mara ya tatu. Mwaka 2020 alijitoa kwenye grupu hilo baada ya mvutano juu ya mchango wa harusi, na alikuwa amerudi wiki mbili tu kabla ya kuomba msaada. Misiba mitatu na harusi zisizo na idadi zilipita hayupo. Hakuna aliyemsema hadharani, lakini wote waliona tarehe aliyoongezwa.

Kaka mkubwa wa shule

Wiki iliyofuata alipata namba ya meneja wa kiwanda alichokilenga. Walisoma shule moja, ila yeye alimtangulia kwa miaka 14. Alimwandikia kwa adabu zote: "Shikamoo kaka. Mimi ni mdogo wako wa shule, natafuta kazi, naomba unisaidie." Meneja alijibu siku hiyohiyo: "Marahaba mdogo wangu. Nitumie CV." Aliituma, naye akaipeleka ofisi ya rasilimali watu na mstari mmoja: "Mdogo wangu huyu, mwangalieni."

Rehema alifurahi sana. Alisubiri wiki sita. Alipomkumbusha, kaka aliandika kwamba ameshalifikisha, na baada ya hapo hakujibu tena.

Nimewahi kukaa kwenye kiti kile kinachopokea CV za namna hiyo, kwa hiyo naweza kueleza kilichotokea bila kukisia sana. CV iliyotoka kwa meneja bila kutajwa nafasi haina mahali pa kwenda. Hakuna tangazo la kuifungamanisha nalo. Anayeipokea hajui kama "mdogo wangu" ni wa tumbo moja, wa ukoo au wa shule, na hapendi kumuuliza bosi. Akiona dalili ya undugu anakuwa na sababu ya kuiweka pembeni, kwa kuwa nafasi ikitangazwa kesho atatakiwa kueleza ilifikaje. Inaingia kwenye droo. Hakuna aliyemkataa Rehema, na hakuna aliyemsoma.

Kuchora orodha upya

Hapo ndipo aliponijia. Nilimwomba asitume ujumbe wowote kwa siku kumi. Badala yake aandike madarasa yote aliyowahi kukaa, marefu na mafupi, na chini ya kila darasa majina anayoyakumbuka.

Alileta sekondari na chuo. Nikamuuliza: na wale wa fildi? Akaongeza wawili aliofanya nao mafunzo kwa vitendo. Na JKT? Akacheka, akaongeza mmoja. Tukawa karibu kumaliza ndipo aliposema, kama kitu kisicho na uzito, kwamba miaka mitatu nyuma alisoma darasa la jioni katikati ya mji, la kujiandaa na mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Lilidumu miezi minne. Hakufanya karatasi zote kwa sababu ada ilimwishia, akaona aibu, akakata mawasiliano.

Nilimwambia aanzie hapo. Darasa la sekondari lina mapenzi mengi, lakini watu wake wametawanyika: muuguzi, mwalimu, mfanyabiashara wa Kariakoo, mwanajeshi. Wale wa darasa la jioni karibu wote walikuwa tayari wameajiriwa kwenye vitengo vya ununuzi na maghala; ndiyo maana walikuwa wanasomea mitihani ile. Tena walimwona Rehema akifanya kazi ya fani yenyewe, siyo akiimba kwaya au akicheza netiboli.

Kwa upande wa chuo tulitumia LinkedIn. Ukifungua ukurasa wa chuo kuna kipengele cha `Alumni`, na ndani yake sehemu ya `Where they work`, ambapo unaandika jina la shirika unalolitaka na kuletewa waliosoma chuo hicho walio pale. Kwa mashirika matatu tulipata majina tisa. Tulipouliza kwa watu, wawili kati yao walishaondoka zamani, ila hawakurekebisha maelezo yao. Na hakuna hata mmoja wa darasa la jioni aliyejitokeza humo, kwa kuwa mtu haandiki darasa la miezi minne kama shule aliyosoma. Chombo kile huona kilichoandikwa tu. Majina ya darasa la jioni yalitoka kwenye daftari lake la zamani, lililokuwa na orodha ya vikundi vya mazoezi.

Kwa sekondari tulibadili mlango. Badala ya kuongea na grupu zima, alimpigia mweka hazina wa grupu. Mtu huyu ndiye anayekusanya michango, kwa hiyo anajua nani yuko wapi, nani kahama kazi, na namba ipi bado inapatikana. Rehema alianza kwa kumweleza ukweli kuhusu kujitoa kwake, akamwambia hakufanya vizuri kuondoka kimya. Tulijadiliana sana kama alipe kwanza michango aliyoikosa. Nilimshauri asilipe kama tiketi ya kuombea kazi, maana watu hulinusa jambo hilo mara moja. Aliamua mwenyewe kutoa rambirambi kwa mwenzao aliyefiwa, moja kwa moja kwake, bila kuitangaza kwenye grupu.

Mweka hazina alisema yupo mwenzao benki ile aliyoilenga. Hakutoa namba. Alimuuliza kwanza mwenye namba kama yuko radhi, akakubaliwa, ndipo akaituma. Ndivyo inavyotakiwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, haifai kabisa orodha ya grupu igeuzwe daftari la simu la kila mwenye shida.

Ujumbe uliojibiwa

Katika lile shirika la afya alikuwepo mtu mmoja wa darasa la jioni, kitengo cha ghala. Si bosi. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka mitatu. Tuliandika ujumbe mara nne, tukiondoa maneno kila mara, mpaka ukabaki hivi:

"Kaka, habari za siku nyingi. Ni Rehema, tulikuwa kundi moja darasa la Bodi, mimi ndiye niliyekuwa natokea Kurasini nachelewa kila Jumanne. Nasikia uko upande wa ghala sasa, hongera. Mimi bado niko kwenye forodha, mwaka wa tano huu, nafikiria kuhamia ugavi. Siombi uniingize kazini. Kuna kitu kimoja nataka kukielewa kwa mtu aliye ndani: kwenu mtu anayetoka forodha anaonekana ana cha kuongeza, au anaonekana anaanza upya? Dakika 15 za simu zinanitosha, jioni au Jumamosi. Ukiwa umebanwa, wala usijali."

Alijibu baada ya siku mbili, kwa sauti: "Dada yangu! Wewe si ndiye uliyekuwa unatufundisha kusoma namba za ushuru? Nipigie Jumamosi."

Dakika 15 zikawa 40. Alimwambia mambo matatu ambayo hayakuwemo kwenye tangazo lolote. La kwanza, mizigo yao hukwama bandarini mara kwa mara kwa sababu nyaraka za msamaha wa kodi huchelewa, na hakuna mtu kitengoni anayejua upande wa forodha kwa undani. La pili, nafasi zao hazitangazwi kwa jina la ununuzi. Hutumia neno ugavi. Rehema alikuwa anatafuta matangazo kwa neno "ununuzi" peke yake, akayapita yale yaliyomfaa. La tatu, wana fomu ya mfanyakazi kupendekeza mtu, na fomu hiyo hujazwa kabla mwombaji hajatuma maombi yake.

Rehema alimuuliza mtihani wa maandishi huwa wa namna gani. Akamkatalia: "Hapo sitakusaidia, dada." Ni jibu lililonifanya nimwamini zaidi.

Fomu iliyochelewa

Kabla shirika la afya halijatangaza, benki ilitangaza. Yule wa sekondari alishazungumza na Rehema, akamwahidi kumpendekeza kwenye mfumo wao wa ndani. Tangazo lilitoka Alhamisi. Rehema, kwa hofu ya kuchelewa, alijaza maombi usiku uleule. Ijumaa mchana mwenzake alipoingiza jina, mfumo ulimkatalia: mwombaji tayari yupo. Pendekezo halikuweza kuunganishwa na maombi. Hakuitwa.

Kosa hili ni langu pia. Tulishasikia kwa yule wa ghala kwamba fomu hutangulia, nami sikumwambia Rehema aulize utaratibu wa benki. Nilidhani ni la shirika lile tu. Mifumo mingi ya ajira ya kampuni kubwa iko hivyohivyo: pendekezo humletea kampuni mtu ambaye haijamwona, na aliyekwisha kujiandikisha mwenyewe hahesabiki kuwa ameletwa. Maombi yakishatumwa, hakuna cha kurekebisha. Swali lilikuwa la sentensi moja: "Nikiona tangazo, nitume mwenyewe kwanza au nikusubiri?"

Shirika la afya

Tangazo la afisa ugavi lilitoka wiki tano baada ya ile simu. Safari hii alisubiri. Yule wa ghala alimwomba mistari mitano: mambo aliyoyafanya ambayo yeye ameyaona kwa macho au anaweza kuyaulizia. Rehema aliandika idadi ya mizigo anayoisimamia kwa mwezi, aina zake, mara alizoshughulikia msamaha wa kodi na siku ilizochukua, na zile jioni za kuwaelekeza wenzake namba za ushuru. Hakuandika kwamba ni mchapakazi wala mwaminifu.

Kwenye sehemu ya uhusiano yule kaka aliandika wazi: "Tulisoma pamoja miezi minne. Si ndugu yangu." Akamjulisha msimamizi wake, na hakukaa kwenye jopo. Kwa nafasi inayogusa manunuzi jambo hilo ni la lazima. Mtu akiingia kwa mlango usioeleweka, siku ya kwanza ya ukaguzi atakayeulizwa ni aliyemleta.

CV nayo ilibadilika. Ya zamani ilianza na "Nimehitimu shahada…" Mpya ilianza na mizigo iliyokwama na namna alivyoitoa, kwa sababu sasa alijua ndilo lililokuwa likiwaumiza kichwa.

Matokeo

Waliitwa sita kwenye usaili. Rehema alikuwa wa pili. Aliyechukuliwa alikuwa amemaliza mitihani yote ya Bodi, na Rehema hakuwa amemaliza. Alilia, nami sikuwa na neno la kumpa.

Wiki 11 baadaye afisa mmoja wa kitengo hicho alikwenda likizo ya uzazi, na shirika likampigia aliyefuata kwenye orodha. Alipewa mkataba wa miezi tisa. Ninapoandika haya yuko mwezi wa tano, na amerudi darasa la jioni kumalizia karatasi zilizobaki.

Kwa ujumla tuliandika majina 23. Aliwatumia ujumbe 14, wakajibu wanane, akaongea na watano, wawili wakakubali kumpendekeza, na mmoja ndiye aliyefanikiwa.

Kilichofanya kazi, na kwa nini

Mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 matokeo ya mazungumzo yake na watu waliokuwa wamebadili kazi katika mji wa Newton, Massachusetts. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 mara chache sana. Sababu aliyoitoa ni kwamba marafiki wa karibu hujua yaleyale unayoyajua, ilhali mtu wa mbali anaishi kwenye mzunguko mwingine wa habari. Kwa Rehema ilikuwa hivyo hasa. Neno "ugavi" badala ya "ununuzi" lisingeweza kutoka kwa rafiki yake yeyote wa Kurasini.

Lakini umbali peke yake hautoshi. Meneja wa kiwanda naye alikuwa mtu wa mbali. Tofauti ni kwamba yeye hakuwahi kumwona Rehema akifanya lolote, kwa hiyo hakuwa na cha kusema zaidi ya "mdogo wangu." Yule wa ghala alikuwa na kumbukumbu moja ndogo ya kitaaluma: huyu alitufundisha namba za ushuru. Ukiangalia orodha yako ya waliosoma nawe, jiulize ni nani anayeweza kumaliza sentensi "namkumbuka alikuwa anaweza…" Asiyeweza kuimaliza anaweza kukupa habari, ila usimbebeshe kukupendekeza.

Namna ya kumwita mtu ilichangia pia, na hili nimelifikiria sana. Shikamoo kwa aliyekutangulia miaka 14 haikwepeki, na kuiacha ingekuwa utovu wa adabu. Ila ikifuatwa na "naomba unisaidie," mazungumzo yanageuka ya mkubwa na mdogo: mdogo kaomba, mkubwa katoa alichonacho mkononi, yakaisha. Rehema angeweza kumwamkia vilevile kisha akamuuliza jambo: "Kaka, kwenye kitengo cha ununuzi pale kwenu, ni nani ninayeweza kumuuliza kuhusu mizigo inayoingia?" Swali hilo lingemgharimu meneja jina moja, na lingemfikisha Rehema kwa mtu wa fani. Badala yake alitumia nafasi yake pekee kwa mtu mwenye cheo kuomba kitu ambacho cheo chake hakiwezi kukitoa.

Kuhusu grupu, watu 140 wakiombwa kwa pamoja, hakuna aliyeombwa. Kila mmoja hudhani mwenye koneksheni ni mwingine. Pia "popote pale" haimpi mtu pa kuanzia. Kama angelazimika kuandika kwenye grupu, nafikiri angetaja shirika moja na swali moja: "Kuna mtu wetu yeyote benki fulani, kitengo chochote?" Hilo mtu hulijibu akiwa kwenye daladala.

Njia hii isipofaa

Wapo walioniuliza kama Rehema angefanya hivihivi kwa nafasi za serikali. Ajira za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kwenye Ajira Portal. Hakuna fomu ya kupendekezwa na mfanyakazi, na kumtafuta mtu wa ndani ili "alifuatilie" jina lako kunaweza kumtia kwenye matatizo na Takukuru. Uliyesoma naye aliye wizarani anaweza kukueleza kazi inavyokwenda na vyeti gani vinahakikiwa. Zaidi ya hapo usimwombe.

Na kuna jambo ambalo sikuweza kulitatua katika kisa hiki. Yule wa sekondari aliyeko benki alijitaabisha, jina likakataliwa na mfumo, naye akajiona kama ameaibika mbele ya Rehema. Nilimshauri Rehema ampigie, asiandike, amwambie wazi kwamba kosa lilikuwa la upande wetu. Alimpigia mara mbili bila kupokelewa. Alimwona kwenye shughuli ya kumkumbuka yule mzee wa mwenzao, huko Mbagala, wakasalimiana vizuri, wakapakua chakula pamoja. Suala la benki halikutajwa, na mpaka leo hawajalizungumza.